Maharage ya Nestori

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyokaa Kibondo mikono nimefumbata, nikimwombea rafiki yangu aaibike jukwaani.

Nilikuwa kijana wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema, nikauza chumvi, nikaziba pancha za baiskeli, na kila nilichokiona nilitaka kujua kinavyofanya kazi. Ndivyo nilivyoingia kwenye bendi ya roki pale Kasulu. Gita sikujua, sauti sikuwa nayo, basi nikawa mtunga maneno. Mtunga sauti alikuwa Nestori wa Rungwe Mpya, ambaye babu na bibi yake walitoka Burundi. Ngoma alipiga Mwalimu Bakari, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu wa kulalamikia baridi.

Nestori alianza na gita. Akiipata sauti, aliimba upuuzi wowote juu yake ili asiisahau, na siku hiyo upuuzi ulikuwa huu: "Maharage, maharage, nani kayaacha yaungue?" Kazi yangu ilikuwa kung'oa maharage na kupanda maneno ya maana, silabi kwa silabi. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Nikaleta beti nilizoandika kabla sijausikia wimbo, zenye maneno marefu kama mkia wa ng'ombe, nikamtaka anyooshe sauti yake ziingie. Akasema mashairi yangu ni mzigo wa kuni juu ya baiskeli ya mtoto. Nikamwambia sauti bila maneno ni mluzi tu.

Tulikuwa tumealikwa kupiga kwenye tamasha Kibondo, na mtangazaji wa redio alikuwa akitafuta wimbo mpya wa kurekodi. Kwenye basi tukagombana nani atatajwa kuwa mwenye wimbo. Nikakunja karatasi yangu, nikaketi na abiria wengine.

Kibondo nikakaa kwa watazamaji. Zamu yao ikafika, na Nestori hana maneno. Akafumba macho, akaimba maharage. Watu wakacheka, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Kufika kiitikio cha pili uwanja mzima ukawa unaimba maharage, na mama mmoja kando yangu akaniuliza mbona mimi siimbi, au nimefiwa.

Mtangazaji akaja akasema sauti imemkaa kichwani, ila hawezi kurusha hewani sufuria iliyoungua. Akirudi angelala Kasulu siku chache; tukileta maneno kabla hajaondoka huko, atarekodi. Tusipoleta, basi.

Shangazi yake Nestori, Mama Skolastika, alikuwa akifundisha kwaya Kabanga. Aliposikia ugomvi wetu alituita sebuleni kwake, akamwambia Nestori avumishe sauti mdomo umefungwa, kisha mimi nisome karatasi yangu. Alipotusikia wote wawili akaendelea kumenya ndizi.

"Huyu kanipa shati bila mtu," akasema akinielekezea mimi kisu, "na huyu kanipa mtu uchi. Wimbo ni kile kinachobaki umeme ukikatika, sauti na neno. Nani kati yenu anabaki peke yake?"

Mwalimu Bakari akauliza kwa upole, na ngoma je?

"Wewe mwanangu unauvalisha viatu. Asante. Lakini hata pekupeku unatembea."

Akatufungia mlango, tukafanya kazi. Nilisikiliza mvumo wa Nestori niliourekodi kwenye simu mpaka nikaelewa kwa nini maharage yalishinda: sauti ilikuwa inapanda na kukaa juu ya "ra," na kinywa kinafunguka. Mimi nilikuwa nimeandika "nimefika," kwa ajili ya bibi yake aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni. Nestori akiivuta "fi" kule juu, alilia kama birika. Nikaitupa. Nikaandika "nimekaa." Silabi zilezile nne, mdomo wazi, na bibi hakufika tu, alikaa. Naye Nestori akaongeza noti moja kwenye ubeti ili neno "mlango" lisikatwe katikati. Mama Skolastika alipotufungulia, Nestori akaimba yote, naye mama akaweka kisu chini.

"Sasa semeni, nani katunga?"

Nestori akasema, "Andika sisi wote wawili. Na wimbo unaofuata vivyo hivyo, hata nikianza mimi."

"Hata nikianza mimi," nikasema. Mtangazaji akarekodi hivyo, majina mawili.

Mwanangu, ukipata mwenzi wa kazi, kubalianeni juu ya majina kabla wimbo haujazaliwa, maana mtoto akishapendeza kila mtu ni baba. Mwenye maneno asikilize kwanza, mwenye sauti asogeze noti kidogo, na anayeanza asidhani ndiye aliyemaliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akujalie mwenzi mwenye masikio, na ukigombana naye akupe shangazi wa kukufungia mlango. Amina.