Barua ya Filimbi kwa Mameneja wa Benki

Watu walimwita Filimbi, na jina lenyewe alijitakia. Enzi zake za kulinda geti alimpulizia filimbi paka aliyeparamia ukuta, akapuliza kwa nguvu zote mpaka mtaa mzima ukatoka nje na marungu. Tangu siku hiyo hata mkewe alisahau jina lake la cheti. Lakini usimcheke sana. Huyo huyo wa paka ndiye aliyekuja kufungua kampuni yake ya ulinzi, chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, na walinzi wake walivaa sare zilizopigwa pasi.

Kampuni ililinda maduka kadhaa, shule moja, na mteja mmoja aliyekuwa roho yake: ushirika wa akiba na mikopo wa walimu. Meneja wa ushirika, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alimpa kazi wakati Filimbi hana hata redio ya mawasiliano. Wengine wote walimcheka, yeye akamwambia, "Kaka, nakuamini, njoo." Wakaitana kaka na dada mpaka walinzi wakadhani ni ndugu wa damu.

Basi bwana, Filimbi akaingiwa na hamu ya kulinda benki. Nani asiyeitaka? Akamwita bintiye, ambaye alishinda kwenye kompyuta, amwandikie barua ya kujitambulisha kwa mameneja wa matawi, na nyuma yake wasifu wa kampuni. Binti aliijua kazi. Akapanga usajili, leseni ya ulinzi, cheti cha kodi, bima, mafunzo ya walinzi, redio, na pikipiki ya kikosi cha dharura. Filimbi akasoma, akaguna.

"Haya yote kila kampuni inayo. Watajuaje kwamba sisi tumezoea mambo ya fedha?"

"Tuandike kwamba tunalinda taasisi ya fedha, baba. Inatosha."

"Haitoshi! Andika ninavyokwambia."

Akaanza kumtajia ya kuandika huku anatembea chumbani, mikono nyuma, kifua mbele. Akataja ushirika kwa jina. Akasema gari la fedha hufika kila Ijumaa asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa, huingilia uani, na mzigo hupita mlango wa nyuma. Akasema walinzi wake wawili huupokea, mmoja akiwa hana sare ili asitambulike. Tangu waanze, haijapotea hata senti. Na picha ikawekwa: walinzi hao wawili wamesimama kidete mbele ya mlango huohuo wa chuma, wanatabasamu.

Binti akaacha kupiga chapa. "Baba, hizi si siri zao?"

"Siri gani? Huu ni ushahidi. Wewe piga, mwanangu."

Mtu mzima na akili zake! Filimbi akatia nakala kwenye bahasha za kaki, na kwa haraka zake hata gundi hakupaka. Akazipeleka mwenyewe, tawi kwa tawi, akiziacha kwa yeyote aliyepokea.

Wiki iliyofuata akapigiwa simu na meneja wa tawi moja la benki, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Aje ofisini. Filimbi akaazima tai ya shemeji yake, akafika mapema, akakalishwa kwenye kiti cha wageni. Meneja akafunga mlango. Wasifu ulikuwa mezani.

"Mzee, kwanza nikueleze. Walinzi wa hapa siwachagui mimi. Zabuni inatangazwa makao makuu, na idara ya usalama ndiyo inayokagua kampuni. Mimi naweza kupeleka jina tu. Na barua yako niliipenda, nilitaka kulipeleka jina lako." Akausukuma wasifu upande wa Filimbi. "Mpaka nilipofika hapa. Hebu nisomee."

Filimbi akasoma kwa sauti, mwanzoni kwa madaha. Ushirika. Ijumaa. Uani. Alipofika kwenye mlango wa nyuma, madaha yalikuwa yamekwisha. Alipofika kwa mlinzi asiye na sare akaacha kusoma, akailegeza ile tai ya kuazima.

"Meneja wa ushirika anajua kwamba umetuandikia haya?"

"Hapana, mama."

"Na mimi nikikuonyesha mlango wangu, utamwandikia nani?"

Filimbi akauinamia wasifu wake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yule meneja hakupandisha hata sauti. Angalau angefoka, angepata la kujitetea.

"Chukua nakala yako," akasema. "Nenda ukamwambie, leo hii."

Je, alikwenda? Thubutu! Alipotoka nje alijipa moyo: nikizikusanya zote, hakuna haja ya kumtia dada wa watu presha. Akaanza kuzunguka matawi akiomba barua zake mwenyewe, eti zina makosa ya chapa. Tawi moja, katibu muhtasi aliitoa bahasha chini ya rundo na kusema, "Hatukuwa tumeifungua, mzee." Ikamfariji, ikamuuma hapohapo, maana kurasa alizojivunia hazikuwa zimesomwa na mtu.

Tawi la mwisho, aliyekuwa mlangoni ni mlinzi wa kampuni kubwa, kijana mcheshi. Akamwona, akacheka kwa sauti.

"Aa, Mzee wa Ijumaa! Nimeisoma yako. Si uliniachia mimi bahasha wazi? Mlango wa nyuma, eh? Na yule wenu asiye na sare tumeshamjua, tumemwona pichani!"

Wateja kwenye foleni wakageuka. Kijana alikuwa anatania tu, hana ubaya. Lakini Filimbi alihisi kama amevuliwa nguo barabarani. Akaichukua bahasha, akaikunja mfukoni, na safari hii miguu haikumpeleka nyumbani. Ilimpeleka kwa dada yake.

Alimkuta meneja wa ushirika anasaini hati za mikopo. Akakataa kiti. Akamwekea kurasa mezani, akamweleza yote akiwa amesimama, mpaka la bintiye kumwonya, mpaka la uongo wa makosa ya chapa. "Dada, nimekuuza kwa kujisifu. Nifukuze."

Meneja akaisoma ile sehemu ya ushirika wake. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Mlango wake, kufuli yake.

"Ningekufukuza," akasema, "lakini walinzi wako hawajakosa, na wana watoto. Mkataba wa geti ubaki." Akazifungia kurasa kwenye droo. "Siku ya gari itabadilika, na njia pia. Bodi itaiambia kampuni ya magari ya fedha peke yake."

"Na sisi tutalipokeaje, dada?"

"Gari likifika, mtaliona."

Hakumwita kaka. Filimbi alingoja alisikie neno hilo, akangoja mpaka ikawa aibu kuendelea kusimama, akatoka.

Hakuwaambia walinzi wake. Alishindwa. Alhamisi jioni wakamfuata ofisini kama kawaida yao kupangiwa kazi, sare mikononi, na bintiye yuko pale kwenye kompyuta.

"Bosi, kesho nani anakwenda mlango wa nyuma? Na nani anavua sare?"

Filimbi akafungua mdomo aseme mambo haya ni ya siri, kila kitu kina wakati wake. Alizoea kusema hivyo, na wangemwamini. Akamwona bintiye ameacha kupiga chapa, anamtazama.

"Hakuna anayekwenda," akasema. "Gari halitakuja kesho."

"Litakuja lini sasa?"

"Sijui," akasema Filimbi, macho chini. "Siku hizi hawaniambii."