Akaunti Yangu Inakaguliwa, na Aliyeniponza Tumezaliwa Tumbo Moja

Admin, nifichie jina, maana watu wa Mpanda tunajuana. Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Kawajense na mama yangu. Baba alishafariki. Kazi yangu ni ya mtandaoni: natafsiri maneno ya video za Kiingereza na kuyaandika kwa Kiswahili chini ya picha. Wateja nawapata kwenye tovuti moja ya nje. Mteja anaweka pesa kwenye tovuti kwanza, mimi nafanya kazi, akiridhika pesa inaachiwa, ndipo naihamishia benki.

Mwezi uliopita nilipata mteja mzuri kuliko wote, mama mmoja anayetengeneza video za kufundisha wakunga. Aliniambia, "Ukinikabidhi hii Ijumaa ikiwa safi, mfululizo wote ni wako." Jumatano asubuhi nikafungua tovuti, nikakuta maandishi mekundu juu: akaunti yako inakaguliwa, huwezi kutoa pesa wala kuomba kazi mpya mpaka uthibitishe utambulisho wako.

Mwanzoni sikuogopa sana. Nikapiga picha kitambulisho changu cha taifa mbele na nyuma, nikapiga selfi kama walivyotaka, nikatuma. Kesho yake likaja jibu lililonikata maini. Walisema kitambulisho hicho kimeshatumika kufungua akaunti nyingine, na hiyo nyingine ina malalamiko ya wateja waliopokea kazi ya hovyo, halafu mfanyakazi akapotea. Kwa sheria zao mtu mmoja ana akaunti moja tu. Wakanitaka nijieleze.

Nilikaa nikajiuliza nani ana picha ya kitambulisho changu. Ni mtu mmoja tu. Kaka yangu, nitamwita Deo, yuko Dar. Aliniomba picha hizo mwaka jana, akasema anataka kunisajilia laini ya simu ya ofa. Hata selfi nilimtumia, nikiwa nacheka.

Nikampigia. Hakukana.

"Mdogo wangu, nilifungua akaunti nikamkodishia jamaa mmoja. Watu wengi wanafanya. Sikujua kama atawafanyia watu uhuni."

"Kwa jina langu, kaka? Kwa sura yangu?"

"Sasa unalia nini? Fungua nyingine kwa kitambulisho cha mama, maisha yaendelee."

Nilikata simu. Hajui kwamba tovuti inatambua simu yako, kompyuta yako na akaunti yako ya benki. Ningefungua nyingine wangenifungia zote moja kwa moja, na mama naye ningekuwa nimemchafua.

Kazi ya Ijumaa niliimaliza. Kazi iliyoanza kabla ya ukaguzi wanakuruhusu kuikabidhi, kwa hiyo nilienda Majengo kwa rafiki yangu mwenye duka la stationery, maana kwetu umeme ulikuwa umekatika, nikatuma video ikiwa imekamilika. Nilimweleza mteja ukweli kwamba akaunti yangu iko kwenye ukaguzi. Akajibu kwamba kazi ni nzuri, akaachia malipo, ila mfululizo hawezi kunipa mpaka ukaguzi uishe. Rafiki yangu akasema nimwombe anilipe pembeni. Nikakataa, kulipana nje ya tovuti ni kosa lingine la kufungiwa. Pesa yangu naiona pale, imeandikwa jina langu, siwezi kuigusa.

Sasa tovuti wamenipa nafasi ya mwisho. Wanataka maelezo ya maandishi kwamba ile akaunti si yangu, nani alipata kitambulisho changu na kwa njia gani, pamoja na karatasi ya polisi kuonyesha nimeripoti. Nikinyamaza wananifunga moja kwa moja, na hawa wateja walioumizwa wataendelea kuamini mwizi ni mimi.

Nilipomweleza mama alikuwa anachambua mchele. Hakuniangalia.

"Deo ndiye aliyekusomesha baba yenu alipoondoka," alisema. "Hiyo kompyuta unayojivunia alikununulia nani?"

"Ni yeye, mama."

"Basi nenda polisi ukamtaje. Ila ukitoka huko usipitie hapa kuniambia."

Ni kweli, Deo alibeba magunia ya mpunga stesheni ili mimi nivae sare ya shule. Ndiyo maana naumia. Angekuwa mtu baki ningeshamaliza siku ile ile. Jana amenitumia ujumbe, nikadhani ni wa kuomba msamaha. Ameniuliza kama bado nina ile selfi ya mwanzo, jamaa yake anataka kuthibitisha akaunti tena.

Sijamjibu. Karatasi ya polisi sijaichukua, mama haongei na mimi, na mteja kaniuliza tena leo nimefikia wapi. Nyie mliowahi kuumizwa na damu yenu, nishaurini bila kunitukana. Nimtaje kaka yangu, au nikubali kuitwa mwizi?