Mwiko na Sindano ya Moyo

Mshipa wa moyo wa mume wangu ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda, tangu saa mbili zilizopita. Daktari wa hospitali ya Bwera alisema mashine ya kuzibua iko Kampala, mbali mno. Sindano ya kuyeyusha damu ingefaa sasa hivi, ila aliyeumia kichwa karibuni inaweza kumvujisha damu ubongoni.

“Sijaumia,” akasema mume wangu.

Lakini ukweli ni ukweli, nikasema: “Jumatatu nilimpiga mwiko wa kichwa.”

“Mama, nyamaza!” akafoka mume wangu.

“Alizimia?” akauliza daktari.

“Alicheka.”

Daktari akampapasa kichwa, kisha akaniamuru nipige mto kwa nguvu ileile. Nikapiga.

“Hiyo si ajali, mama, hiyo ni ndoa,” akasema, akamchoma sindano.

Baada ya saa moja maumivu yalipungua. Mpaka leo sina hakika kama mto niliupiga sawasawa.