Zoezi la Kukanusha Mbele ya Geti

Viwanda vya minofu ya sangara vilipochipuka kando ya ziwa, mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba kule Nyakato. Elimu yangu ya sekondari ikanipa kibarua cha kuwafundisha wageni Kiswahili. Mmoja wao alikuwa meneja wa kiwanda cha samaki. Salamu hakuzitaka.

"Nifundishe kukataa kwanza," aliniambia kwa Kiingereza. "Kutwa nzima watu wananiomba."

Nilipaswa kuchukia siku ileile. Badala yake nikaandika ubaoni: nilikuita, sikukuita, ulikuja, hukuja, watafanya, hawatafanya. Nikamweleza kwamba nafsi yangu mimi huchukua *si*, wengine *ha*, na *ha* ikikutana na *u* huwa *hu*. Wakati uliopita, *li* hutoka na *ku* huingia. Wakati ujao, *ta* haibanduki. Kila alipopatia, nilisema, "Sahihi kabisa!" Alifurahi kama mtoto.

Asubuhi moja nilimfuata getini ili tufanye mazoezi na watu. Wanawake vibarua walikuwa wamesimama, aproni mkononi. Miongoni mwao alikuwa jirani yangu wa Pasiansi, mjane mwenye watoto wanne, ambaye alikuwa amevuka kwenda Sengerema kumzika mama mkwe wake. Aliinamisha kichwa mbele ya meneja, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo, bosi. Nilikuwa msibani. Naomba nirudi kazini."

Shikamoo haikujibiwa. Meneja alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole kama darasani, kisha akasema taratibu:

"Hukuja Jumatatu. Hutafanya kazi."

Akanigeukia, uso unang'aa. "Sahihi, mwalimu?"

Nami, kwa mazoea ya mdomo usiosubiri akili, nikajibu, "Sahihi kabisa."

Mwanamke mmoja akacheka kwa uchungu: "Jamani! Marahaba haijui, lakini kufukuza anakujua! Huyu kapata mwalimu kweli."

Jirani yangu alinitazama. "Hata wewe, baba? Sahihi?"

Nilianza kueleza kwamba nilisifu sentensi tu. Nani angesikiliza upuuzi huo? Alikunja aproni yake, akaondoka.

Somo lililofuata niliandika ubaoni: *Hukuja. Hutafanya kazi.* Nikamwambia aziyakinishe. Hakusita: "Ulikuja. Utafanya kazi."

"Vizuri. Sasa twende Pasiansi ukamwambie yule mama hivyohivyo."

Alicheka! "Ah, mwalimu. Hili ni zoezi tu."

Zoezi! Alipomfukuza mama wa watu lilikuwa amri. Alipotakiwa kumrudisha likawa zoezi. Nilifuta ubao, nikamwambia atafute mwalimu mwingine. Alimpata wiki hiyohiyo. Jirani yangu alianza kuuza mihogo ya kuchemsha njiani, na kila nilipopita alimsalimia kila mtu isipokuwa mimi. Sikumlaumu. Hasira yangu kwa yule kijana haijaisha, lakini neno lililotia muhuri amri ile pale getini halikuwa lake. Lilikuwa langu.