Jina Nililolifuta Kwenye Shukrani

Ulikuwa mwaka ule wa ugali wa njano. Mahindi yalitoka ng'ambo, ugali ukanuka gunia, na sukari tuliionaga kwa wenye ndugu dukani tu. Mwaka huo wanafunzi wa sekondari kutoka Musoma walikuja likizo kijijini kwetu, njia ya Butiama, wakatujengea kisima. Mjukuu wangu alikuwa katibu wao. Nilitembea kijijini kama nimemzaa peke yangu.

Siku ya kufunga mradi yeye ndiye alipewa neno la shukrani. Jioni ya kuamkia siku hiyo alinisomea. Akaniambia linasemwa mgeni rasmi akishamaliza hotuba, kabla ya sala ya kufunga. Anashukuriwa mgeni kwanza, halafu wafadhili, kila mmoja na alichotoa: misheni saruji, kiwanda cha pamba cha Bunda lori la kubeba mawe. Wanafuata walimu, mafundi, wanafunzi waliochimba, mwisho wapishi. Anayetajwa jina anasimama, anapigiwa makofi.

Kwenye wapishi alianza na jirani yangu mjane, ndipo mimi.

"Huyo ananitangulia kwa lipi?"

"Bibi, yeye amepika wiki tatu. Wewe umepika moja. Na unga ulipokwisha alitoa muhogo wake."

"Basi mfute. Mimi natosha."

"Lakini ameshaalikwa, Bibi."

"Anayekulea ni mimi au yeye?"

Akafuta. Mimi niliishia darasa la pili, lakini ule mstari wa kalamu niliusoma vizuri.

Kesho yake mjane alikuja na kitenge alichokuwaga anakitunza sandukuni, akakaa benchi la mbele. Mjukuu wangu aliposema, "Na mama zetu waliotupikia," yule mama akasimama kabisa, akinyoosha kitenge. Likaitwa jina langu peke yake. Tukawa wawili tumesimama, makofi yakawa yangu.

"Mama, kaa bwana, hujatajwa," mtu akasema nyuma. Wengine wakacheka. Akakaa taratibu, kama mtu mwenye kiuno kibovu.

Mtoto akamalizia kama ilivyo desturi: "Na kama kuna niliyemsahau, anisamehe, si kwa makusudi." Hakumwangalia mgeni rasmi. Aliniangalia mimi.

Usingizi ulinikataa siku nne. Ya tano nikanunua sato mzima, nikamfuata mjane jikoni kwake. Alikuwa anamenya muhogo. Nikamweleza yote, kwamba mtoto hana kosa, jina nililifuta mimi kwa wivu wangu.

"Nakushukuru kwa kuwalisha wale watoto," nikasema. "Na nisamehe."

Hakuacha kumenya.

"Shukrani niliyonyimwa mbele za watu siipokei jikoni."

"Basi pokea hata huyu samaki, mwenzangu. Nimekuja na aibu yangu yote."

Sato niliyemlaza chini mbele yake akanisogezea kwa ncha ya kisu, polepole, mpaka akafika miguuni pangu.

"Shukrani niliyonyimwa mbele za watu siipokei jikoni."