Ndizi Mbili na Maji ya Kunawa

Mama yangu hakuwahi kukubali kwamba mkate ni chakula. Chai, ndizi, viazi vitamu, kwake vyote hivyo vilikuwa vya kushikilia tumbo tu. Chakula ni kuon, yaani ugali, na asiyekula ugali hajala, hata akishiba mpaka shingoni. Ndivyo tulivyolelewa Kaloleni miaka ya themanini. Mimi nilibishana na mama kuhusu kila kitu isipokuwa hilo.

Kisha nikaanza kukimbia. Kocha wetu alikuwa fundi wa reli mwenye baiskeli na saa ya kupimia mbio, na kila Jumamosi alitukimbiza kilomita thelathini, kutoka mjini hadi kwenye mashamba ya miwa ya barabara ya Muhoroni na kurudi. Mwaka huo alitangaza kwamba muda bora wa kila mmoja katika Jumamosi mbili za mwisho ndio utakaoamua msichana mmoja wa kwenda kambi ya mazoezi. Niliitaka kambi ile hadi nikawa naiota.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa tuanze saa kumi na mbili. Saa kumi na moja mama alinitengea ugali na kipande kikubwa cha samaki, mbuta aliyekaangwa, mafuta yanang'aa. Nilijua ni kingi mno. Lakini mtu ameamka gizani kwa ajili yako, utamwambiaje hutaki? Nilikula nikamaliza, naye akafurahi.

Kwenye kilomita ya nane mbuta aliamka. Kichomi kilinishika ubavuni, miguu ikawa mizito, na penye miwa nikainama nikarudisha kila kitu mbele ya dereva wa trekta aliyecheka bila huruma. Nilirudi mjini nimekaa nyuma ya baiskeli ya kocha, nalia kwa hasira.

Jioni yake kocha alikuja nyumbani.

"Mama, chakula yako haina makosa," alisema kwa adabu. "Makosa ni saa. Mafuta na samaki inakaa kwa tumbo masaa mengi. Akikimbia, damu inaenda kwa miguu, tumbo inashindwa kufanya kazi yake."

"Sasa nyara akimbie na njaa?" Nyara ndimi, binti yake.

"Hapana. Ugali umpe Ijumaa jioni, mingi. Hiyo inawekwa kwa misuli na inakaa mpaka asubuhi. Lakini akilala, ini inalisha kichwa usiku yote, so asubuhi imebaki kidogo. Hiyo ndiyo tunaongeza. Saa moja kabla, ndizi mbivu mbili na chai ya sukari, haraka inapita. Huko mbele barabarani nitampa maji ya glukosi, kidogo kidogo."

"Na kama nataka ale ugali asubuhi?"

"Basi ale masaa tatu au nne mbele."

"Nitaamka saa nane."

"Na yeye atalala saa ngapi, Mama?"

Mama aliokota vikombe vya chai akaingia navyo jikoni. Nilikuwa sijawahi kumwona akishindwa hoja hivyo, na sikufurahi.

Kocha alitaka nijaribu kwanza kwenye mazoezi, kwa sababu matumbo hayafanani. Jumatano nikajaribu, tumbo likatulia. Ijumaa jioni mama alinipa ugali kana kwamba nasafiri mwaka mzima.

Jumamosi alfajiri aliniletea maji ya kunawa mikono. Alinimiminia taratibu, akaleta sahani, na juu yake ndizi mbili alizokwisha kuzimenya, zimelala ubavu kwa ubavu palipozoea kukaa ugali. Aligeuka ili asinione nikila.

"Hujakula," alisema akitazama ukuta. "Lakini enda."

Nilikimbia siku ile. Baada ya saa nzima kocha alinipa chupa ya glukosi, nikanywa mafunda machache, na kwenye kilomita ya ishirini na tano, wenzangu walipoanza kuburuta miguu, mimi bado nilikuwa na nguvu. Nilifika wa kwanza.

Nilikimbilia nyumbani kumwambia. Sufuria ilikuwa imefunikwa, samaki kando, na mama ameketi. Tangu jana yake jioni hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Ningekulaje na wewe hujakula?" aliniuliza. "Nawa mikono, kuja tukule."

Wiki iliyofuata nikaenda kambini. Huko ndizi na mkate vililetwa kwa saa kamili, na tumbo halikunisumbua hata siku moja. Kila mtu alinawa mwenyewe bombani. Niliporudi, mama alikuwa tayari mgonjwa, na mikono yake haikuweza tena kusonga ugali. Hakupona.

Sikimbii tena, ila bado natembea mwendo mrefu Jumamosi. Saa moja kabla namenya ndizi mbili, naziweka kwenye sahani, kisha najikuta nimenyoosha mikono, nasubiri maji.

Mama, sijala.