Kinyarwanda Kwanza

Kipeperushi kile kilikuwa cha akina mama wenye watoto wanaoharisha, na kilitakiwa kwa lugha tatu. Kama ilivyo kawaida ya ofisi yetu ndogo ya uchapaji pale mtaani Kimisagara, tulipanga Kiingereza kwanza, kikajaza ukurasa vizuri. Kifaransa kilirefuka, tukakibana. Kinyarwanda, chenye maneno marefu, hakikuenea, na chini ya kisanduku chake kwenye skrini ikatokea alama nyekundu ya kuonyesha kwamba kuna maandishi yamefichika.

Niliyafungua. Ilikuwa sentensi ya mwisho: mtoto akiharisha damu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

“Punguza ukubwa wa herufi,” alisema bosi.

“Mama ataisomaje kwa mwanga wa simu?”

“Wewe maswali yako hayaishi.”

“Wasomaji wengi ni wa Kinyarwanda, bosi. Kwa nini tunaanza na Kiingereza?”

Alivuta kiti, akaketi kando yangu. Tulipanga upya tukianza na Kinyarwanda, visanduku vyote vitatu vikifuata urefu wake, na picha ya jagi la kuchanganyia maji ya chumvi na sukari ikapunguzwa hadi sentensi ile ikaenea.

Mteja alipoona nafasi tupu kwenye Kiingereza, aliuliza kama tumesahau kitu.

“Hapana,” bosi alimjibu. “Hapo Kiingereza kinapumzika.”